Mwandikie Anayekuuzia: Ankara Zisiwe Picha

Mwenye duka la vifaa vya ujenzi Morogoro anapokea ankara kwa barua pepe kutoka kwa muuzaji wa jumla Dar es Salaam. Anabonyeza Ctrl+F, anaandika namba ya ankara, kompyuta haioni kitu, ingawa namba yenyewe anaitazama kwa macho yake. Sababu ni kwamba muuzaji ameichapa ankara, akaipiga muhuri, kisha akaiskani. Alichotuma ni picha ya karatasi, na picha haina herufi ndani yake, ina nukta za rangi tu.

Zipo programu za kusoma maandishi kwenye picha, lakini tarakimu huzichanganya, hasa pale wino wa muhuri unapopita juu yake. Ankara ya shilingi 186,000 ikisomwa 136,000, hesabu za mwezi zinapotea 50,000, na mwenye duka atazitafuta asijue pa kuanzia.

Barua ya kuomba mabadiliko iwe fupi, na imwambie muuzaji cha kufanya:

“Ndugu Meneja Mauzo,

Yah: Ankara kwa PDF isiyoskaniwa

Tunashukuru kwa huduma yenu. Tunaomba kuanzia sasa ankara zetu zihifadhiwe kama PDF moja kwa moja kutoka kwenye programu yenu ya mauzo, bila kuchapwa na kuskaniwa. Kama programu haina njia hiyo, kwenye Windows chagueni ‘Microsoft Print to PDF’ badala ya printa. Jina la faili liwe namba ya ankara. Muhuri mkiuhitaji, picha yake inaweza kuwekwa kwenye kiolezo cha ankara, pembeni mbali na tarakimu.

Wenu katika biashara.”

Kipengele cha muhuri ndicho kizito, maana ndiko upinzani unakotoka. Wauzaji wengi huamini kwamba karatasi iliyoskaniwa haiwezi kuchezewa. Kwa maoni yangu hofu hiyo haina msingi: picha nayo hubadilishwa, tena bila shida. Kinachomlinda muuzaji ni nakala iliyobaki kwenye programu yake.

Faili jipya likifika, lijaribu. Buruta kipanya juu ya jumla ya malipo, inakili, ibandike kwenye Notepad, kisha ilinganishe na unayoiona. Jaribio hili linashinda Ctrl+F, kwa kuwa baadhi ya mashine za kuskani huficha maandishi ya kukisia nyuma ya picha: neno linapatikana, tarakimu ina makosa.

Ankara hii haichukui nafasi ya risiti ya EFD. Hiyo idai na uitunze kama kawaida kwa ajili ya TRA.

Na usiombe za mbele tu. Ankara za miezi iliyopita, kama bado zimo kwenye programu ya muuzaji, anaweza kuzitoa upya kwa PDF safi. Ongeza sentensi moja kwenye barua, umtajie kuanzia mwezi gani.