Mtoto ana mzio wa kamba, na nyumba iko pwani

Chemsha nusu kilo ya kamba, watoe wote, kisha uyaache maji yao sufuriani. Hayana hata kipande cha nyama, lakini kwa mwenye mzio wa kamba yanaweza kutosha kumlaza hospitalini. Protini inayomdhuru huitwa tropomayosini. Inaingia kwenye maji kwa urahisi, na moto wa jikoni hauiharibu. Kwa hiyo mzazi anayechambua kamba kutoka kwenye pilau, akampa mtoto wali mtupu, hajamwepusha na chochote: kinachomdhuru kimekwisha ingia kwenye kila punje.

Protini hiyo imo kwa kamba, kaa, kamba koche na uduvi, na aghalabu anayedhurika na mmoja wao hudhurika na wenzake. Samaki ni habari nyingine. Mzio wa samaki mara nyingi husababishwa na protini tofauti, pavalbumini, kwa hiyo mwenye mzio wa kamba anaweza kula changu na nguru maisha yake yote. Pweza, ngisi na chaza wako katikati: wana tropomayosini isiyofanana kabisa na ya kamba, na watu hutofautiana. Jambo hilo huamuliwa na daktari, si mezani.

Hata hivyo, si kila anayewashwa baada ya kula ana mzio. Jodari au kibua aliyekaa juani bila barafu huzalisha histamini, na kumkaanga vizuri hakuiondoi. Anayemla huiva uso, huumwa kichwa, hutoka vipele, pengine huhisi ulimi ukiwaka kama amelamba pilipili. Wakiugua watu wanne waliokula samaki mmoja, mshuku samaki kwanza. Vipimo navyo vina mtego wake: mende na utitiri wa vumbi wana tropomayosini inayofanana na ya kamba, hivyo mtu anayesumbuliwa na vumbi anaweza kuonekana ana mzio wa kamba ambao hana. Daktari mzuri huanza kwa kuuliza kililiwa nini, kiasi gani, na dalili zilianza baada ya muda gani.

Tuchukue mfano wa nyumba moja ya Mtwapa: baba, mama, bibi na watoto watatu. Wa kati ana miaka 8. Alipokula kamba wa kukaanga alivimba midomo na kutapika kabla ya nusu saa kwisha. Mara nyingine, baada ya mchuzi wa kaa, kifua kilianza kulia. Daktari amethibitisha mzio wa kamba na kaa. Samaki anakula bila shida.

Nyumba hiyo ina njia mbili. Ya kwanza ni kutenga: karai la kamba, mafuta ya kamba, mwiko wa kamba, na chakula cha mtoto kipikwe kwanza. Kwenye karatasi inapendeza. Jikoni, saa moja usiku, mwiko mmoja huchovya sufuria mbili. Tena wapo wenye mzio mkali ambao mvuke wa sufuria ya kamba peke yake huwaletea pumu. Kwa maoni yangu, nyumba yenye mtoto mdogo iwatoe kamba na kaa kabisa, na wanaowatamani wakawale nje bila yeye, kisha wanawe mikono na kupiga mswaki kabla ya kumbusu.

Kinachobaki kwenye sahani si haba. Changu wa kupaka, tasi wa kuchoma, maharage ya nazi, kuku, kisamvu. Pilau ya kamba ya Jumapili igeuke wali wa nazi na mchuzi wa nguru wenye ukwaju. Samaki anunuliwe mzima, aparuliwe nyumbani, kwa sababu meza ya sokoni aliyoparuliwa huenda ndiyo kamba walipomenyewa dakika tano kabla.

Kazi iko kwa vitu vidogo. Bibi amezoea kutia uduvi uliopondwa kwenye mboga ili ikolee, na kwake huo ni kiungo tu, hauhesabiwi kuwa kamba. Ni kamba, tena waliokaushwa, kwa hiyo kijiko kimoja kina protini nyingi. Dagaa nao hukaguliwa: nyavu za macho madogo huzoa pamoja na vikamba vidogo, na omena wa Ziwa Victoria pia huchanganyika na kamba wadogo wa majini humo. Mwezi wa Ramadhani kuna sahani za majirani. Sambusa ya nyama iliyokaangwa kwenye mafuta yaliyokaanga sambusa ya kamba haina alama yoyote ya kuitambulisha. Ipokewe kwa shukrani, iliwe na wakubwa.

Hotelini swali la kawaida ni, "Hiki kina kamba?" Mhudumu atajibu hapana, na atakuwa amesema kweli. Swali lenye faida ni la mafuta: "Chipsi hizi zinakaangwa kwenye mafuta gani, na leo yamekaanga nini kingine?" Hoteli nyingi za ufukweni zina karai moja la chipsi, samaki, ngisi na kamba. Ikiwa ndivyo, mtoto hali cha kukaanga hapo, hata kiazi. Swali la pili ni la jiko la mkaa. Waya uliobeba kamba koche ndio utakaobeba mishikaki. Ombeni kikaango safi au karatasi ya foili chini ya chakula chake. La tatu ni la supu na mchuzi, maana wapishi huchemsha maganda ya kamba ili kupata ladha, na kwenye hoteli za Kichina kuna sosi ya chaza.

Maswali hayo aulizwe mpishi mwenyewe, na yaulizwe mapema. Familia yetu ya Mtwapa ikifika saa kumi na mbili jioni, kabla ya wateja kujaa, mpishi ana nafasi ya kuosha kikaango na kufungua mafuta mapya. Saa mbili usiku atasema "hakuna shida" ili muondoke mlangoni mwa jiko. Jibu la haraka hivyo lichukuliwe kuwa hapana: mtoto ale wali mweupe na tunda, au chakula alichobebewa kutoka nyumbani.

Likitokea la kutokea, dalili nyingi huanza ndani ya dakika chache hadi saa mbili. Vipele peke yake hutulizwa na setirizini. Sauti ikikwaruza, kifua kikilia, akitapika mfululizo au akilegea, setirizini haitamwokoa, wala maziwa ambayo watu hukimbilia kumnywesha. Anahitaji adrenalini kwenye msuli wa paja. Kipimo cha hospitali ni miligramu 0.01 kwa kila kilo ya uzito, hivyo mtoto wa kilo 25 hupata miligramu 0.25, na huweza kurudiwa baada ya dakika 5 hadi 15. Akiwa amelegea alazwe chali, miguu iinuliwe, asisimamishwe. Akihema kwa shida aachwe akae, na akitapika alazwe ubavu. Kalamu za adrenalini ni ghali na si rahisi kuzipata kwetu, basi kabla ya kuchagua hoteli pigeni simu kwenye kituo cha afya kilicho karibu nayo, mwulize kama wana adrenalini leo na kama watakuwa wazi usiku huo.