Herufi Moja Ikipungua

Anayeendesha kompyuta kwa kuandika amri hana picha za kubofya. Ni yeye na maneno yake, na akikosea herufi moja, atakachojibiwa kinategemea aliyeitunga programu. Mwaka 1969 Ken Thompson alipotunga `ed`, programu ya kuandikia na kusahihisha maandishi, kosa lilijibiwa kwa alama moja tu: `?`. Ufupi huo ulikuwa na sababu, maana majibu yalichapwa kwenye karatasi na mashine za polepole. Lakini mwanagenzi alibaki njia panda: nimekosea herufi, au faili halipo?

Sasa tazama Git, programu ya kutunza historia ya kazi za waandishi wa programu, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005. Amri yake ya kuhifadhi mabadiliko ni `commit`. Ukisahau `m` moja, unajibiwa hivi:

```
$ git comit
git: 'comit' is not a git command. See 'git --help'.

The most similar command is
	commit
```

Kwanza imekurudishia neno lako ndani ya alama za kunukuu, jinsi ulivyoliandika, ili jicho lako lilione kosa. Kisha imekwambia kuwa haina amri ya jina hilo, na msaada uko wapi. Mwisho imekutajia amri iliyo karibu zaidi.

Ukaribu huo haukisiwi hivihivi. Git hulinganisha neno lako na kila amri inayoijua, ikihesabu ni herufi ngapi za kuongeza, kuondoa au kubadilisha ili moja liwe jingine. Kutoka `comit` hadi `commit` ni herufi moja tu ya kuongeza. Herufi mbili zilizopishana, kama katika `stauts` badala ya `status`, husamehewa upesi, kwa kuwa vidole vya mtu mwenye haraka hukosea hivyo kila siku.

Ukiandika upuuzi mtupu, `git qzxwvk`, unapata mstari wa kwanza peke yake. Hakuna amri inayokaribiana nalo, basi Git hainyooshi kidole popote. Nadhani hapo ndipo uungwana wake unapoonekana, kwa sababu pendekezo la kubahatisha humpoteza mtu kuliko kutopendekeza kitu.

Mbona basi isitekeleze tu amri iliyo karibu? Inaweza, ukiiruhusu:

```
git config --global help.autocorrect 20
```

Hesabu hiyo ni ya sehemu za kumi za sekunde, kwa hiyo Git itakuonya, itasubiri sekunde 2, kisha itaendelea. Usipoiruhusu, hupendekeza tu na kuacha uamuzi kwako, na ni sahihi hivyo: kati ya amri zake zimo zinazofuta kazi ya mtu, na sekunde 2 ni chache kwa aliyegeuka kujibu simu.

Nawe unayetunga programu, hata ukishindwa kuweka mapendekezo, mrudishie mtu neno lake kama alivyoliandika.