Amekusalimia, lakini miguu yake imeelekea wapi?

Watu wetu wengi wanaohamia Marekani huwa na lalamiko moja tangu wiki za mwanzo: mtu anakuuliza habari yako, anatabasamu, na kabla hujapata la kumjibu ameshakupita. Wengine huishia kusema salamu za huko ni za uongo. Mimi sikubaliani nao. Salamu ile ni ya kweli, ila ni salamu ya kupita, na ina utaratibu wake. Anayeujua haumii bure, na humtambua mwenye nafasi ya kuzungumza kabla hajaanza kumweleza ya moyoni.

Tuanze na kwetu, maana hapo ndipo tofauti inapoonekana. Ukikutana na jirani njiani, iwe Tanga au Bukavu, mnaulizana za nyumbani, za watoto, za kazi, mzee anaendeleaje. Wakati huo wote mmesimama. Salamu yenyewe ndiyo inayowapatia muda, na katika kuulizana huko kila mmoja anampima mwenzake kama anataka kuendelea. Asiye na nafasi hulitamka: "Ndugu yangu nawahi gari, nitakupigia jioni." Akipita kimya, au akiikatiza salamu katikati, mwenzake ataondoka akijiuliza amemkosea nini. Marekani salamu haibebi mzigo huo. Kama muda upo au haupo, mwili ndio unaosema, na mara nyingi husema kabla mdomo haujafunguka.

Mwaka 1973 watafiti Adam Kendon na Andrew Ferber walichapisha uchunguzi wa maamkizi uliotokana na filamu za watu halisi, nyingi zikiwa za sherehe ya siku ya kuzaliwa ya mtoto, iliyofanyika nje, uani. Waliona kwamba salamu kamili huwa na hatua. Kwanza watu huonana kwa mbali na kupeana ishara: mkono unapungwa, kichwa kinarushwa nyuma kidogo, nyusi zinapanda. Kisha hukaribiana, na wakiwa njiani macho huachana kwa muda. Wakishafikiana hutazamana tena, na hapo ndipo salamu ya karibu hutolewa. Walio na mazungumzo hawaendelei kusimama uso kwa uso vilevile; husogea kidogo na kujipanga upya, mara nyingi kwa pembe, kila mmoja akiwa amepata mahali pake.

Salamu ya kupita huishia kwenye hatua ya kwanza, au huigusa ile salamu ya karibu bila mwendo kukatika. Kwa hiyo tabasamu si dalili ya nafasi, wala swali la habari si dalili. Vyote viwili hutolewa hata na mtu anayekimbilia chooni. Dalili ni mwendo kupungua hadi kusimama, na baada ya kusimama, mwili kukugeukia.

Tena mwili wote. Mwanasosiolojia Emanuel Schegloff aliandika mwaka 1998 kuhusu watu ambao sehemu zao za mwili zimeelekea pande tofauti, kichwa huku na nyonga kule. Alionyesha kwamba sehemu ya chini ndiyo hushikilia shughuli kuu, na kule kugeuka kwa kichwa huchukuliwa kuwa jambo la muda, litakalorudi lilikotoka. Mtu aliyekugeuzia uso huku vidole vya miguu vikielekea mlangoni amekupa sekunde kadhaa. Mabega yakifuata, amekupa zaidi. Miguu ikifuata, ongea.

Tuseme dada yetu anafanya kazi ya uuguzi msaidizi katika nyumba ya kulelea wazee, na anataka kubadilishiwa zamu ya Jumamosi. Anamwona msimamizi wake mwisho wa korido, anakuja na mafaili mkononi. Kwa mbali msimamizi anainua nyusi, kisha anatazama mafaili yake. Hajamkwepa, macho kuachana njiani ni sehemu ya salamu. Wakikaribiana anamuuliza habari yake. Dada yetu amechoka na ana wasiwasi, na ulimi unawasha kusema kwamba hali si nzuri.

Jibu hilo lingeleta shida. Mwanasosiolojia Harvey Sacks alieleza katika makala iliyochapishwa 1975 kwamba ukijibu kuwa hali ni mbaya, aliyekuuliza anawajibika kuuliza kulikoni, na akishauliza lazima asikilize. Ndiyo maana watu hujibu "nzuri" hata wakiwa na homa: wanamwachia mwenzao njia. Hili si geni kwetu. Sisi nasi hutanguliza "nzuri" au "salama", kisha ndipo tunaleta "ila". Kilichopungua kule ni nafasi ya hiyo "ila", kwa sababu yule wa kuambiwa ameshapiga hatua mbili mbele.

Basi dada yetu ajibu kwamba ni mzima, amrudishie swali, halafu aangalie. Msimamizi akijibu huku anatembea, imekwisha hiyo, na si dharau. Akipunguza mwendo, au akiongeza swali linalomhusu dada yetu hasa, kwa mfano kama mtoto wake aliyekuwa mgonjwa amepona, mlango umefunguliwa. Swali la pili lina uzito kuliko la kwanza, kwa kuwa la kwanza huulizwa kila mtu.

Na kama dalili hazieleweki, aombe muda, akitaja ni wa nini na ni mrefu kiasi gani: "Una dakika mbili? Ni kuhusu zamu ya Jumamosi." Kisha asikilize jibu linavyotoka. "Ndiyo" inayotoka papo hapo pamoja na kugeuka ni ndiyo. Ikitanguliwa na kimya kidogo, au na mguno, au ikija bila miguu kusogea, hiyo ni hapana iliyovikwa adabu. Dawa yake ni kumpunguzia: "Au nikufuate ofisini mchana?" Watu wengi hushukuru wakipewa njia hiyo, na mchana wanasikiliza vizuri zaidi.

Hata mazungumzo yakishaanza, muda una namna yake ya kuisha. Schegloff na Sacks, katika makala yao ya 1973 juu ya kufunga mazungumzo, walionyesha kwamba watu hawaagani ghafla. Hutanguliza vineno kama "haya", "sawa basi", kwa sauti inayoshuka, bila kuongeza jambo jipya. Hapo mwenzako anakupa zamu ya mwisho: kama una neno lililobaki, lilete, kama huna, nawe sema "haya". Akisema kwamba asikucheleweshe zaidi, ujue mwenye haraka ni yeye. Nasi husema "nisikupotezee muda" kwa maana hiyohiyo, kwa hiyo usimsisitizie kwamba una muda tele.

Lipo jambo moja bado huwatatiza hata waliokaa miaka. Kwetu ukikutana na mtu mara ya pili siku hiyohiyo unaihuisha salamu: za tangu asubuhi? Za saa hizi? Mwanasosiolojia Erving Goffman aliandika mwaka 1971 kwamba kule salamu hupungua kila watu wanapokutana tena kwa muda mfupi. Mara ya kwanza maneno, mara ya pili tabasamu, mara ya tatu nyusi tu au kichwa kuinama kidogo. Dada yetu akipishana na msimamizi saa nne asubuhi na kupata nyusi peke yake, ombi lake la Jumamosi halijaharibika. Arudishe nyusi, aendelee na kazi, na mchana aende ofisini kama walivyopatana.