Jina na Kazi: Uwekaji wa Istilahi za Kiswahili katika Picha ya Mchoro wa Mfumo wa Mmeng'enyo wa Chakula, Kyela

Makala haya yanafafanua namna ya kuweka istilahi za Kiswahili na maelezo mafupi ya kazi katika mchoro wa mwili uliopigwa picha kutoka kitabu cha biolojia. Hoja ya msingi ni kwamba maelezo ya kazi si pambo la mchoro, bali ndiyo yanayobainisha maana pale ambapo jina peke yake lina maana zaidi ya moja.

Mwanafunzi wa Kyela huweza kuanza maisha na Kinyakyusa nyumbani, akasoma sayansi ya shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha akaikuta biolojia ya sekondari kwa Kiingereza. Hivyo, tafsiri ya mchoro hailengi kufuta majina ya Kiingereza, ambayo atayahitaji katika mtihani. Majina hayo yaachwe yalivyo, na kila ogani ipewe namba inayoelekeza kwenye jedwali lililo chini ya picha. Namba huchukua nafasi ndogo, hazifuniki ogani, na huacha nafasi ya kueleza kazi kwa sentensi kamili.

Kabla ya kuweka namba, picha yenyewe ikaguliwe. Ukurasa ulazwe bapa kivulini na simu ishikwe sambamba nao, kwa kuwa simu ikiinama, umbo la mchoro hupotoka. Pili, ihakikishwe kwamba picha haijageuzwa kama taswira ya kioo. Mchoro wa anatomia huonesha mtu anayemtazama msomaji, hivyo ini, ambalo sehemu yake kubwa ipo kuliani mwa mwili, huonekana upande wa kushoto wa msomaji. Likionekana upande wake wa kulia, picha imegeuzwa.

Tuchukue mfano wa ogani tano za mfumo wa mmeng'enyo wa chakula.

| Namba | Istilahi | Kazi |
|---|---|---|
| 1 | Ini | Hutengeneza nyongo na huhifadhi sukari ya akiba |
| 2 | Kifuko cha nyongo | Huhifadhi nyongo na kuipunguza maji |
| 3 | Mfuko wa tumbo | Huchanganya chakula na asidi na kuanza kumeng'enya protini |
| 4 | Kongosho | Hutoa vimeng'enya na insulini |
| 5 | Utumbo mwembamba | Hukamilisha mmeng'enyo na kufyonza virutubisho |

Utata wa kwanza upo katika namba 3. Neno *tumbo* katika mazungumzo hutaja sehemu yote ya mwili iliyo chini ya kifua, na pia hutaja ogani moja iliyomo ndani yake. Mwanafunzi akiandika *tumbo* pekee, msahihishaji hawezi kujua kama ameitambua ogani au ametaja eneo tu. Istilahi *mfuko wa tumbo* hupunguza utata huo, na maelezo kuhusu asidi na protini huumaliza.

Utata wa pili upo katika namba 1 na 2. Mtu aliyewahi kupasua mbasa katika ufuko wa Matema anajua kwamba kifuko kile cha kijani kikitoboka, nyama huwa chungu. Katika mazungumzo, kifuko na kimiminika chake vyote huitwa *nyongo*. Ujuzi huo ni sahihi, lakini ukihamishiwa kwenye mchoro bila kutenganisha chombo na kilichomo, huzaa kosa la kisayansi: kudai kwamba kifuko ndicho kinachotengeneza nyongo. Vitenzi *hutengeneza* na *huhifadhi* vinaonesha mgawanyo wa kazi ambao jina *nyongo* pekee linauficha.

Umbo la vitenzi hivyo nalo lina manufaa. Kiambishi *hu-* huonesha hali ya mazoea na hakibebi upatanisho wa ngeli. Kwa hiyo muundo mmoja unafaa kwa *ini*, *kifuko* na *utumbo*, ingawa kila nomino ina upatanisho wake: *ini linatengeneza*, *kifuko kinahifadhi*, *utumbo unafyonza*. Jedwali linabaki na muundo mmoja, na macho ya msomaji yanaelekezwa kwenye tofauti ya vitenzi.

Jaribio la mwisho ni rahisi. Safu ya istilahi ifunikwe, kisha msomaji mwingine aitaje kila ogani kwa kusoma kazi yake tu. Kama maelezo ni *husaidia mmeng'enyo*, atashindwa kuchagua kati ya ogani zote tano, na hapo yafaa kurekebisha maelezo badala ya kutafuta jina jipya. Jaribio hili lina mpaka wake: linapima kama maelezo yanatofautisha ogani, lakini halioneshi kama mstari elekezi umegusa ogani sahihi. Hilo huthibitishwa kwa kulinganisha picha na ukurasa wa kitabu, namba moja baada ya nyingine.