Mama wa dagaa na mgao wa Desemba

Kila Jumatano jioni, mama anayeuza dagaa Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, hufika kwenye kikoba na kitabu chake kidogo cha mihuri. Kikoba kina wanachama 25. Hisa moja ni shilingi 2,000, na katiba yao inamruhusu mtu kununua hisa moja hadi tano kwa wiki. Yeye hununua tatu. Mihuri mitatu inagongwa mbele ya wote, na shilingi 6,000 zake zinaingia kwenye sanduku la chuma lenye kufuli tatu, ambazo funguo zake hukaa kwa watu watatu tofauti.

Mama huyu ni wa mfano, lakini utaratibu wake si wa kubuni. Vikundi vya namna hii vilianzia Niger mwaka 1991 chini ya shirika la CARE, vikaenea Afrika nzima. Tanzania leo vinatambuliwa na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, inayovitaka visajiliwe.

Mwaka wa kwanza alinunua hisa kwa wiki 50, akawa ameweka 300,000. Desemba kikoba kilipovunjwa, hisa ya 2,000 ilikuwa imefika 2,500, akapokea 375,000. Faida ile ilitoka mifukoni mwa wenzake waliokopa, na wakati mwingine mfukoni mwake mwenyewe, kwa sababu anayechukua mkopo hulipa tozo ya asilimia 5 kwa mwezi. Tozo ikirudi sandukuni inakopeshwa tena kwa mwingine, nayo inaleta tozo yake. Hivyo ndani ya mwaka mmoja faida ilikuwa tayari inazaa faida, ila yeye hakuiona, maana mgawanyo hufanyika mara moja tu. Isitoshe, hisa ya Januari na hisa ya Novemba hulipwa sawa siku ya mgao, ingawa ya Januari imefanya kazi miezi mingi zaidi. Waanzaji wa mapema wanawabeba wachelewaji, na hiyo ni sababu mojawapo ya kuweka kikomo cha hisa tano.

Pesa ya mwaka wa kwanza ilikwenda kwenye sare za shule na magunia mawili ya mchele. Ya mwaka wa pili, 375,000 vilevile, ilikwenda kwenye Krismasi na deni la duka. Mwaka wa tatu alipokea tena 375,000. Hapo ndipo alipogeuza kurasa za kitabu na kumuuliza mweka hazina, kijana wa jirani, "Mwanangu, miaka mitatu naweka, mbona sikui?"

Kijana hakumjibu moja kwa moja. Alimwonyesha ukurasa wa mwanachama mwingine, bila kumtaja jina. Alikopa 300,000 akashindwa kurejesha, na katiba yao inasema tozo isiyolipwa inaongezwa juu ya deni. Mwezi wa kwanza deni likawa 315,000. Mwezi wa pili tozo haikuwa 15,000 tena. Ilikuwa 15,750, kwa sababu ilihesabiwa juu ya zile 315,000. Baada ya miezi 12 anadaiwa kama 538,757. Kama tozo ingehesabiwa juu ya mkopo wa mwanzo pekee, angedaiwa 480,000. Tofauti ya karibu 59,000 ni tozo iliyotozwa juu ya tozo.

"Sasa wewe, mama," kijana akasema, "kila Desemba unafuta ukurasa wako na kuanza na sifuri."

Wengi hujifunza jambo hili kwa njia hiyo, kupitia deni kabla ya akiba, kwa sababu deni lina maumivu na akiba haina haraka. Faida ya mama ilikuwa 75,000 kila mwaka kwa kuwa kila mwaka ilisimama juu ya fedha mpya peke yake. Fedha ya mwaka uliopita ilikuwa imekwisha kuliwa.

Wazo lake la kwanza lilikuwa kuirudisha 375,000 yote kwenye sanduku. Haikuwezekana. Kikomo cha hisa tano kinamzuia mwenye fedha nyingi asiwameze wenzake, na wanachama wakikubali kurudisha mtaji wa kuanzia, kila mmoja huweka kiasi kilekile. Tena sanduku likijaa kuliko mahitaji ya mikopo, fedha inalala chini ya kufuli bila kuzaa chochote. Sanduku lenye milioni mbili zisizo na mkopaji linapaswa kuwatia wanachama wasiwasi, hata kama linaonekana neema.

Basi akaendelea na hisa zake tatu kila Jumatano, lakini mgao wa mwaka wa tatu akaupeleka kununua vipande kwenye mfuko wa uwekezaji wa pamoja. Tanzania mifuko ya aina hiyo inasimamiwa na UTT AMIS, miongoni mwa taasisi nyingine, na mfuko wa kwanza, wa Umoja, ulizinduliwa mwaka 2005. Katika mfuko wa ukuaji faida haigawiwi mkononi. Hubaki ndani na bei ya kipande hupanda. Inaweza pia kushuka, na hakuna anayeahidi kiwango. Kwa ajili ya hesabu tuchukue asilimia 10 kwa mwaka, tukikumbuka kwamba mwaka 2023 na 2024 mfumuko wa bei nchini ulikuwa kati ya asilimia 3 na 4, kwa hiyo ongezeko halisi ni dogo kuliko linavyosomeka.

Mwaka wa nne vipande vilimwongezea 37,500 tu. Aliona kama mzaha. Mgao mpya wa 375,000 ulipoingia, jumla ikawa 787,500. Mwaka wa tano ongezeko lilikuwa 78,750, na akiba ikafika 1,241,250.

Hapo nyumba ilianza kuvuja, na 500,000 ingetosha kwa bati. Akarudi kwa mweka hazina. Kijana akapiga hesabu: laki tano hizo zikiachwa miaka mitano zaidi kwa kiwango kilekile zinafika 805,255. Hakumwambia asitoe, na hilo ni jambo la busara, maana paa linalovuja nalo lina gharama inayokua. Mama aliamua kukopa kikobani kiasi kidogo, akaziba upande mmoja kwa miezi mitatu na kulipa tozo kwa wakati. Si kila mtu angefanya hivyo, na mwenye kipato kisichotabirika pengine asingepaswa.

Mwaka wa nane ongezeko la mwaka lilikuwa karibu 228,900, naye akawa ameshika 2,893,354. Bado alikuwa muuza dagaa yuleyule mwenye hisa tatu zilezile.

Mwaka wa kumi, akiba yake ilikuwa 4,288,458. Kati ya hizo, 3,000,000 zilikuwa migao minane aliyoipeleka mwenyewe. Mwaka huo peke yake vipande vilimwongezea 355,769, wakati yeye kwa wiki 50 alitoa 300,000. Kwa mara ya kwanza fedha yake ilimwingizia zaidi ya alichoweka kwa mkono. Kama angeanza kupeleka mgao tangu Desemba ya kwanza, badala ya ya tatu, mstari huo angeuvuka mwaka wa nane.