Asidi Ilikwisha, Marumaru Yakabaki

Swali lenyewe ni la kawaida katika kemia ya sekondari. Gramu 5 za marumaru, yaani kalsiamu kabonati, zimetiwa kwenye mililita 50 za asidi ya haidrokloriki yenye moli 1 kwa lita. Tafuta ujazo wa gesi ya kaboni dioksidi itakayotoka, ukichukulia kwamba moli moja ya gesi ina ujazo wa lita 22.4.

Mwanafunzi anaandika mlinganyo, nao uko sawa:

CaCO₃ + 2HCl → CaCl₂ + H₂O + CO₂

Moli moja ya kalsiamu kabonati ina gramu 100, kwa hiyo gramu 5 ni moli 0.05. Moli moja ya marumaru hutoa moli moja ya gesi, basi anazidisha 0.05 kwa 22.4 na kupata lita 1.12. Hesabu haina kosa la kuzidisha wala kugawanya, lakini msahihishaji anaweka alama ya mkasi, na mwanafunzi haelewi kwa nini.

Asidi hakuigusa kabisa. Mililita 50 zina moli 0.05 za asidi, sawa na moli za marumaru, na usawa huo ndio unaodanganya wengi. Mlinganyo unadai moli mbili za asidi kwa kila moja ya marumaru. Mwenye fremu 50 za baiskeli na magurudumu 50 hutoa baiskeli 25 tu, hata fremu zikijaa ukumbini. Vivyo hivyo, asidi hii inatosha moli 0.025 za marumaru, na gesi ni lita 0.56, nusu ya jibu la kwanza. Gramu 2.5 za marumaru zinabaki bila kuguswa.

Kosa hili hugundulika mapema ukiliuliza jibu lako swali moja: je, lilihitaji asidi kiasi gani? Lita 1.12 zinataka moli 0.1, nawe umepewa 0.05. Njia ya kulikwepa ni kugawa moli za kila dutu kwa namba iliyo mbele yake kwenye mlinganyo. Hapa marumaru inapata 0.05 na asidi 0.025. Ndogo ndiyo itakayoisha kwanza, na hesabu yote iliyobaki hutegemea moli zake. Usilinganishe gramu, uzito hausemi lolote hapa. Swali likisema asidi ipo kwa wingi, kazi hiyo umeshafanyiwa, lakini ukipewa viwango vya dutu zote mbili, lazima uifanye mwenyewe.

Maabara inathibitisha: mapovu yanakoma, vipande vya marumaru vingali chini ya chupa, na ukiongeza asidi mapovu yanarudi. Ila usitumie ushahidi huo kwa asidi ya salfuriki. Hiyo huyafunika marumaru kwa tabaka la kalsiamu salfeti isiyoyeyuka vizuri, na mapovu hufifia wakati asidi na marumaru vyote vingalipo.