Namna ya kuandikia mukubwa wa gazeti la afya ili akubali makala yako

Wengi kati yetu wa kalasi ya sita tunauliza: mutu asiye mufanyakazi wa gazeti anafanya namna gani ili gazeti la afya litoe makala yake? Hatumi makala yote. Anatuma kwanza barua fupi kwa imeili, na ndani yake anapendekeza makala. Tuone barua hiyo kwa mufano mumoja: ugonjwa wa konzo.

Konzo inashika watu wanaokula muhogo mchungu usiolowanishwa vizuri. Katika muhogo huo muna sumu, sianidi. Mizizi ikikaa ndani ya maji siku tatu, sumu nyingi inatoka. Lakini wakati wa njaa, ao wakati muchuuzi anaharakisha soko, watu wanalowanisha siku moja tu. Kama tena nyumbani hakuna samaki, nyama wala maharagi ya kusaidia mwili kupambana na sumu, miguu yote mbili inaweza kukauka kwa gafula, na haiponi tena. Wanaopatwa zaidi ni watoto na wanawake wenye umri wa kuzaa. Munganga Trolli aliandika juu ya ugonjwa huo katika Kwango tangu 1938.

Sasa, mutu akiandika: «Nataka kuandika juu ya hatari ya muhogo», barua itakaa bila jibu. Hilo ni jambo, si njia. Mukubwa wa gazeti amekwisha kupata barua kama hiyo mara nyingi, tena hajui makala itasema nini. Njia ni upande mumoja wa jambo, ule ambao wasomaji hawajaonyeshwa, na unaweza kusemwa kwa sentensi moja. Kwa hiyo kwanza tunasoma matoleo ya nyuma ya gazeti lile. Tukikuta wamekwisha kueleza konzo ni nini, tunatafuta kile walichoacha: kwa mufano, mama afanye nini na unga ambao amekwisha kuununua sokoni, na hajui ulilowanishwa siku ngapi?

Barua iko hivi:

«Kichwa: Pendekezo la makala: unga wa muhogo wa sokoni, saa mbili kwenye jua

Bwana Mukubwa wa gazeti, salamu.

Mama anayenunua unga sokoni hawezi kuona kwa macho kama sumu ingali ndani. Gazeti lenu lilieleza konzo, lakini halikusema afanye nini na unga huo. Napendekeza makala ya maneno 800 juu ya njia moja: kutia unga maji, kuutandaza mwembamba juu ya mukeka, saa mbili kwenye jua ao saa tano kivulini, kisha kupika fufu siku ile ile. Sumu inatoka kama hewa. Katika Kay Kalenge, eneo la Popokabaka, wanawake walifundishwa njia hiyo tangu 2010.

Nitauliza munganga wa kituo cha afya na mama wawili wauza-unga. Nitasema pia mipaka: njia hii haiponyeshi miguu iliyokwisha kukauka, wala haichukui nafasi ya kulowanisha siku tatu. Naweza kuileta kisha juma tatu. Makala haijatolewa mahali pengine.»

Mutazame. Kichwa kinasema njia yote, kwa sababu mukubwa anaweza kusoma kichwa tu. Sentensi ya kwanza inaonyesha shida ya musomaji, haianzi na maisha ya mwandishi. Halafu zinakuja urefu, watu watakaoulizwa, na siku. Kama umekwisha kuandika mahali fulani, ongeza musitari mumoja juu ya hiyo, isizidi.

Ule musitari wa mipaka ndio unaopima barua ya afya. Mwandishi anayeahidi kwamba unga utakuwa safi kabisa, ao kwamba mugonjwa atatembea, anamutia mukubwa woga, na ni haki yake: musomaji akiamini, ataumia. Vilevile usiseme «wanganga wanasema» bila kujua ni munganga gani, na ulizungumza naye wapi.

Kisha kutuma, tunangoja juma mbili. Jibu lisipokuja, tunakumbusha mara moja kwa sentensi mbili. Likikosa tena, tunapeleka kwa gazeti lingine, lakini si kwa mawili pamoja, maana yote mawili yakikubali utamuvunja mumoja. Na kama jibu ni «tumekwisha kutoa hiyo», basi njia haikuwa mupya kwao. Turudie kusoma matoleo yao mbele ya kuandika barua ya pili.